Uzoefu wangu: sprei ya kusafishia runinga na vitambaa vya maikrofaiba

Seti hii nimekaa nayo miezi minane sasa. Ndani ya boksi kulikuwa na chupa ndogo ya sprei na kitambaa kimoja cha maikrofaiba, na baadaye nikanunua vitambaa vingine viwili vya aina ileile. Niseme mapema: vitambaa vinastahili kila shilingi niliyotoa, sprei singeinunua tena. Ila kabla sijaeleza kwa nini, lazima nieleze runinga niliyoiharibu mwenyewe, maana ndiyo iliyonifundisha.

Nyumbani kwetu tulikuwa na runinga ya chogo. Kila Ijumaa mama alikuwa akiipulizia dawa ya madirisha, anaisugua kwa gazeti, inang'aa mpaka unajiona. Miaka yote haikupata doa, kwa sababu mbele ya chogo ni kioo kweli, kinene, kigumu kama cha dirisha. Nilipopata yangu ya flati, inchi 43, nikafanya vilevile: dawa ya madirisha, tishu, na mkono wenye nguvu. Mwezi wa kwanza sikuona tatizo. Kufika mwezi wa nne hivi, nikaanza kuona ukungu upande wa kulia chini, ukubwa wa kiganja, hasa jioni mwanga wa mlangoni ukiingia. Nikadhani ni uchafu. Nikaongeza dawa, nikasugua zaidi. Doa likawa la viganja viwili.

Fundi niliyempelekea aliiwekea tochi kwa ubavu, runinga ikiwa imezimwa, akaniita nisogee.

"Dada, hiki sote tunakiita kioo, lakini hapa unapogusa si kioo. Kioo kipo ndani. Hapa juu ni karatasi ya plastiki, na juu yake kuna utando. Utando ndio uliokwisha."

Basi hilo neno kioo ndilo lililoniponza. Uso wa runinga nyingi za LCD ni filamu ya plastiki inayochuja mwanga, imegandishwa juu ya kioo chembamba. Juu ya filamu hiyo kiwandani hupakwa tabaka jembamba mno, jembamba kuliko unywele, la kupunguza mng'ao wa taa na dirisha. Amonia iliyomo kwenye dawa nyingi za madirisha hulishambulia tabaka hilo. Asetoni ya kutolea rangi ya kucha, thina na petroli ni wabaya zaidi, hizo zinaweza kuila hata plastiki yenyewe. Pombe kali, pamoja na ile jeli ya kutakasia mikono, ni ya kuepuka pia, isipokuwa kitabu cha runinga yako kimeiruhusu waziwazi. Tishu nazo ni nyuzi za mti, na zikikuta punje za vumbi juu ya skrini zinakuwa kama msasa laini. Mchanga wetu unakwaruza plastiki bila shida, na kwangu madirisha yanakaa wazi mchana kutwa.

Nilimuuliza nitajuaje siku nyingine kama ni uchafu au utando umeondoka. Akalowesha kitambaa kwa maji, akapitisha juu ya lile doa. Likapotea. Nikafurahi. Tukasubiri pakakauka, likarudi palepale, kwa umbo lilelile. Uchafu wa sabuni nao unaweza kupotea ukilowa, akasema, ila ukiufuta kwa sabuni nyepesi na kuusuuza mara mbili, hubadilika umbo au huisha. Likirudi mara ya tatu na mipaka ileile, huo si uchafu tena, na kila unavyosugua unaongeza. Dalili nyingine ni taa: ukiangalia taa inavyoakisi juu ya skrini iliyozimwa, penye utando mzima mwanga unaonekana umefifia, wakati mwingine una wekundu wa zambarau au ukijani, na penye utando uliotoka unakuwa mweupe na mkali. Hakuna cha kupaka nyumbani kikaurudisha utando. Watu wananishauri dawa ya meno. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, inafanya kazi ileile ya mchanga.

Sasa nirudi kwenye seti. Sprei niliinunua baada ya runinga ya pili, nikiamini kwamba chenye picha ya runinga kwenye chupa ni salama kwa runinga. Nilipofika nyumbani nikaisoma chupa mbele na nyuma: haisemi ndani kuna nini. Nikafungua, ikanuka pombe. Kwangu hapo ndipo ilipopoteza alama. Kioevu kisichosema kina nini sikiweki juu ya kitu ambacho kikiharibika bei ya kukibadilisha inakaribia runinga mpya. Pia maelekezo yanasema upulizie skrini moja kwa moja, na hilo ni kosa hata ingekuwa maji matupu. Yule fundi alinionyesha runinga aliyokuwa ameifungua: kwenye ukingo wa chini kulikuwa na tepe nyembamba zinazounganisha skrini na bodi. Kioevu kikipulizwa juu hushuka, kinaingia kwenye ufa kati ya skrini na fremu, kinazikuta hizo tepe. Ile aliyoifungua ilikuwa na mistari ya wima upande mmoja, na mwenyewe alikuja akilalamika umeme.

Kwa hiyo ninachotumia ni maji na kitambaa. Maji ya bomba ya kwetu yana chumvi, yakikauka yanaacha vitone vyeupe, kwa hiyo nanunua chupa ya maji ya betri yasiyo na asidi pale kituo cha mafuta. Hapa naomba uwe makini kabisa: kuna maji ya kuongezea betri na kuna asidi ya betri, na wauzaji wengine wanaviita vyote maji ya betri. Soma lebo, uliza mara mbili. Kama muuzaji hana uhakika, acha, tumia maji ya kunywa ya chupa. Yataacha alama kidogo lakini hayatakuunguza.

Vitambaa vilinishinda kuvisema vibaya. Uzi wa maikrofaiba umepasuliwa kuwa nyuzi ndogo ndogo, kwa hiyo unanyanyua mafuta badala ya kuyasukuma huku na huku kama khanga au fulana ya zamani inavyofanya. Cha kwanza kilikuwa na pindo nene lililoshonwa kwa uzi mgumu na lebo ngumu pembeni. Lebo niliikata kabla ya kukitumia, na pindo silipitishi juu ya skrini. Viwili vya baadaye havina pindo, ni bora zaidi.

Jaribio lenyewe lilikuja siku ya Idi. Watoto wa dada yangu walikuwa sebuleni na sambusa, katuni ikaanza, na mdogo kuliko wote akaenda kumgusa sungura. Nilihesabu alama sita za vidole katikati ya skrini, mbili zikiwa na mafuta yanayoonekana kabisa.

Sikuzigusa usiku ule. Asubuhi nilichomoa plagi ukutani. Skrini ikiwa ya moto maji yanakauka kabla hujayafuta na kuacha michirizi, tena ikiwa nyeusi ndipo unapoona kila kitu. Nikawasha tochi ya simu kwa ubavu. Kitambaa cha kwanza, kikavu, nikakipitisha kwa uzito wake tu, kama mtu anayefuta unga juu ya kibao, kutoa vumbi. Hatua hii watu wanairuka, na ndiyo inayozuia mikwaruzo.

Kisha nikaanza na alama nyepesi. Nikazipulizia pumzi ya joto kwa mdomo wazi mpaka pakaingia ukungu, nikafuta taratibu kwa mduara mdogo. Nne zikaondoka hapohapo. Alama ya kidole ni jasho na mafuta ya ngozi, na kama ni mpya unyevu wa pumzi unatosha.

Zile mbili za sambusa zilikataa. Nilipofuta, zilitanuka zikawa na rangi rangi kama mafuta ya gari juu ya dimbwi. Ukiona rangi hizo, acha kusugua, maana maji peke yake hayaondoi mafuta ya kupikia, unayatandaza tu. Nikachukua nusu lita ya maji, nikatia tone moja la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Tone moja kweli. Nilipowahi kuweka matatu, nilisuuza mpaka nikachoka na bado ukungu wa sabuni ulibaki. Nikachovya kitambaa cha pili, nikakikamua mpaka hakidondoshi hata nikikibana, nikakikunja mara nne. Nikaanza pembeni mwa doa nikielekea katikati, nisilisambaze, na kila mara nikigeuza upande msafi. Mkono wa pili niliuweka nyuma ya runinga kuishikilia, kwa sababu kubonyeza skrini kunaweza kuacha madoa ya mwanga ndani au kuipasua. Alama haikutaka nguvu, ilitaka kurudiwa. Mara ya tatu rangi zikaisha. Nikasuuza kitambaa, nikakilowesha maji matupu, nikakikamua tena, nikapitisha mara mbili kuondoa sabuni, na mwisho kitambaa kikavu. Dakika ishirini hivi kwa yote. Niliacha saa nzima kabla ya kurudisha plagi, ili unyevu wowote wa pembeni ukauke.

Nilijaribu pia ile sprei, mara moja tu, nikiipulizia kwenye kitambaa na kufuta ukingo wa chini usioonekana sana. Mafuta iliyatoa haraka, haraka kuliko sabuni yangu, sitadanganya. Lakini kwa kitu ninachokisafisha mara moja kwa wiki mbili, haraka si hoja. Sasa naitumia kwenye vioo vya kabati.

Ubovu mmoja wa vitambaa: vinataka kufuliwa peke yake. Nilikosea mara moja nikavifua pamoja na taulo kwa sabuni yenye kilainisha nguo. Vikatoka laini, vinanukia, na kila nilipofuta viliacha utepe wa mafuta juu ya skrini, kwa sababu kilainisha kimejaa kwenye nyuzi. Nilivifua mara tatu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida ndipo vikarudi. Sasa nafua kwa mkono, naanika kivulini ndani, mbali na vumbi la uani, na nikimaliza nakitia kila kimoja kwenye mfuko wake wa nailoni. Kikianguka chini hata mara moja, hakirudi kwenye skrini mpaka kifuliwe.