Baiskeli ya umeme ya kupanda Lushoto na mzigo: ipi ununue, ipi uiache

Muuzaji akikwambia baiskeli yake inakwenda kilomita 60 kwa chaji moja, huenda hasemi uongo. Hiyo ni kwenye tambarare, na mwendeshaji mwepesi asiye na mzigo, tena anayepiga pedali. Mlimani hesabu ni nyingine, na inafanyika kwa kalamu kabla hujatoa pesa.

Tuchukue barabara ya Mombo hadi Lushoto. Ni kilomita thelathini na kidogo, na unapanda takriban mita 1,000. Una mchele kilo 75, wewe una kilo 70, na baiskeli yenyewe 35. Jumla kilo 180. Kila kilo 100 ukizipandisha mita 100, unatumia wati-saa 27 hivi, hata uende polepole kiasi gani. Kwa hiyo kupanda peke yake kunakula wati-saa 490. Ongeza kama 160 za msuguano wa matairi na upepo, unapata 650. Miguu yako, ukiwa na pumzi ya kawaida na ukipanda kwa karibu saa tatu, itatoa kama 200. Zilizobaki 450 ni za mota, ambayo nayo hupoteza karibu robo ya umeme kama joto. Betri basi itatoa wati-saa 600. Ukiamua kukaa tu bila kupiga pedali, itatoa karibu 870.

Wati-saa za betri ni volti mara ampia-saa, yaani Ah, zote zimeandikwa kwenye kibandiko. Betri ya 36V 10Ah ina 360, kwa hiyo itakuacha njiani ukisukuma. Ya 48V 15Ah ina 720: itafika ikiwa mpya nawe ukisaidia, lakini miaka miwili baadaye sina imani nayo. Ya 48V 20Ah ina 960, na hiyo ndiyo ya kununua kwa kazi hii. Kwenye tambarare, na mzigo uleule, betri hiyo inaweza kukupeleka kama kilomita 80 bila kupiga pedali, mradi usikimbize. Mlima unaipunguza hadi chini ya nusu.

Sasa mota. Kupanda mwinuko wa asilimia 8 na kilo 180 kwa kilomita 12 kwa saa kunahitaji wati 530 hivi kwenye gurudumu. Miguu ikitoa 80, mota inadaiwa 450 mfululizo, si kwa dakika moja. Usiangalie namba iliyopigwa rangi kwenye fremu. Mwombe fundi akuonyeshe kontrola, kile kisanduku kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, usome ampia zake. Kontrola ya ampia 15 kwenye volti 48 haiwezi kuvuta zaidi ya wati 720 hadi 800 hivi kutoka kwenye betri, hata kama baiskeli imeandikwa 1000W.

Chaguo langu la kwanza ni mota ya katikati, inayokaa kwenye pedali, ya wati 500 hadi 750. Inasukuma kupitia mnyororo, hivyo ukiweka gia nyepesi nayo inazunguka haraka mlimani, mahali ambapo mota nyingine hulemewa. Kasoro yake ni kwamba inakula mnyororo na gia, na mafundi wengi wa baiskeli hawajaizoea.

Ya pili ni mota ya gurudumu la nyuma yenye gia ndani, wati 500. Ni nafuu na rahisi kutengeneza. Ukiona mwendo umeshuka chini ya kilomita 8 kwa saa, saidia kwa miguu au simama, kwa sababu hapo umeme mwingi unageuka joto. Gusa habu, kitovu cha gurudumu chenye mota: ikiwa mkono haukai, ipumzishe. Gia zake mara nyingi ni za plastiki ngumu, na joto ndilo linalozimaliza.

Ya tatu ni mota kubwa ya gurudumu isiyo na gia. Tambarare ni tamu, na ndiyo pekee kati ya hizi inayorudisha umeme kidogo ukishuka. Kwa kupanda pole pole na mzigo, siipendekezi.

Mwisho kabisa, chochote chenye betri nne za risasi na asidi, zile za kawaida za volti 12. Bei yake inavutia, lakini za 20Ah zina uzito wa kilo 25 hivi, wakati za lithiamu ni kama kilo 6. Tena ukizivuta kwa nguvu hazitoi Ah zilizoandikwa, na ukizimaliza kila siku hazidumu. Kama pesa ni hizo tu, bora ununue ya lithiamu ndogo na upunguze mchele.

Kabla ya kulipa, beba mzigo wako mwenyewe, betri ikiwa imejaa, upande kilima kirefu. Betri ya 48V iliyojaa kawaida husoma volti 54 na kitu. Zikishuka kwa volti mbili au tatu unapopanda na kurudi ukisimama, ni kawaida. Zikiporomoka zaidi au baiskeli ikijizima ghafla na kuwaka tena, seli zimechoka au ni dhaifu. Hapo acha. Na angalia breki: kushuka kilomita thelathini na mzigo, raba za rimu hazitoshi, taka diski za mafuta mbele na nyuma.