Nilivyochomwa sindano kwenye tezi ya shingo mara mbili, na kwa nini jibu la kwanza nusura linipoteze

Nimechomwa sindano shingoni mara mbili ndani ya wiki tano, kwenye tezi ileile. Mara ya kwanza niliambiwa inaelekea ni TB. Mara ya pili ndipo njia ikafunguka, na mwisho wake ikajulikana kuwa ni saratani ya tezi aina ya Hodgkin. Naandika kwa ajili ya aliyepewa fomu ya kipimo hiki na hajui kinaweza kusema nini na kinaishia wapi.

Tezi yangu ilikuwa upande wa kushoto, ukubwa wa yai la kuku mdogo, haiumi, ukiibonyeza inarudi kama mpira. Nilikuwa natoka jasho usiku hadi shuka linalowa, na nguo zilianza kunipwaya. Dalili hizo TB inazo na saratani ya tezi inazo, kwa hiyo hazikumsaidia daktari kuchagua.

Kuchomwa kwenyewe ni kwepesi kuliko nilivyohofia. Unalala, shingo inageuzwa upande, ngozi inafutwa kwa spiriti. Sindano ni nyembamba, kama ile ya kutolea damu au ndogo zaidi. Daktari anaishika tezi kwa vidole viwili isikimbie, anaingiza sindano, kisha anaipeleka mbele na nyuma ndani ya tezi kwa sekunde chache huku akivuta bomba. Kabla ya kuitoa anaachia bomba, ili kilichonyonywa kibaki ndani ya sindano. Nilihisi mchomo na kitu kama kuvutwa, basi. Alirudia mara tatu sehemu tofauti za tezi, nikabonyeza pamba dakika tano, nikaondoka.

Kosa lilikuwa kwenye kile kilichofanyika na matone yale. Hospitali ya kwanza waliyapaka yote kwenye vioo na vioo vyote vikatumbukizwa kwenye spiriti. Majibu yakaja: kuna granuloma, vijidudu vya TB havikuonekana, inaelekea ni TB. Nikaandikiwa nianze dawa za miezi sita.

Granuloma ni kundi la seli za kinga zilizojikusanya kuzunguka kitu ambacho mwili umeshindwa kukiondoa. TB inazifanya, na mara nyingi katikati yake huwa na nyama iliyokufa, nyeupe na laini kama maziwa ya mgando. Mpimaji akiona granuloma pamoja na uozo huo, ana haki ya kuishuku TB sana. Ripoti yangu haikutaja uozo wowote. Na kutoonekana kwa vijidudu hakukumaanisha chochote upande wowote, kwa sababu ndani ya tezi huwa vichache sana, tofauti na kwenye makohozi ya mgonjwa wa mapafu. Hapo ndipo mashine ya GeneXpert inapohitajika, maana inatafuta vinasaba vya kijidudu hata kikiwa kichache. Lakini hakuna tone lililobakizwa kwa ajili yake.

Daktari wa pili, mama wa makamo mwenye mikono mipole, alisoma ile karatasi akauliza, "Mwanangu, sindano yenyewe ilisuuzwa wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia nisianze dawa kwanza, tuchome tena. Akauliza pia kama nimemeza prednisolone, na nilishukuru kwamba sikuwa nimeikubali dukani, kwa sababu huweza kuisinyaza saratani ya tezi kwa muda na kuficha seli zinazotafutwa.

Kabla ya kuchoma alinikagua kinywa, ulimi, koo, ngozi ya kichwa na tezi ya koromeo. Nilipouliza sababu, alisema tezi ya shingo yaweza kuwa imepokea mbegu za saratani iliyoanzia kwingine, mara nyingi kinywani au kooni. Tezi ya namna hiyo kwa kawaida huwa ngumu kama jiwe na haisogei. Sindano huitambua vizuri, maana seli zake ni wageni: zinakaa kwa mafungu na hazifanani kabisa na seli za tezi. Kazi inayobaki ni kutafuta zilikotoka. Akasema hapo haifai kukimbilia kuikata tezi kabla ya kuchungulia koo, kwa sababu kovu la haraka laweza kuharibu operesheni ya baadaye.

Safari hii vioo vingine viliachwa vikauke kwa hewa, vingine vikawekwa kwenye spiriti, kwa sababu kila rangi inataka kioo chake. Sindano ikasuuzwa kwenye kichupa cha salaini, nacho kikaenda kwenye mashine. Jioni yake jibu likawa MTB NOT DETECTED. Halikufuta TB moja kwa moja, maana mashine nayo hukosa baadhi ya wagonjwa wa tezi, ila lilitufanya tuendelee kutafuta.

Siku ya tatu daktari wa patholojia aliniita akaniruhusu nichungulie kwenye hadubini. Palijaa vidoti vidogo vya zambarau, mamia, ambavyo ni seli za kawaida. Akasogeza kioo polepole, kisha akaacha. Katikati kulikuwa na seli moja kubwa yenye viini viwili vilivyokaa bega kwa bega, na ndani ya kila kiini doa nene. Ilikuwa kama bundi ananitazama. Akasema hiyo ndiyo seli ya Reed-Sternberg, na katika vioo vyote ameziona nne tu.

Hapo nilielewa kilichotokea mara ya kwanza. Katika Hodgkin, seli za saratani ni chache mno na zimezingirwa na umati wa seli nzuri zilizokuja kupambana nazo. Wakati mwingine umati huo hutengeneza granuloma. Sindano ikinyonya umati na kuzikosa zile chache, ripoti itafanana na ya TB.

Hata kwa bundi wanne yule daktari hakuandika kwamba ni saratani. Aliandika kwamba inashukiwa, na tezi itolewe nzima. Saratani za tezi ni za aina nyingi, na nyingine hutambulika kwa jinsi seli zilivyojipanga. Sindano inakuletea matofali, haikuletei ukuta. Tezi ilitolewa chini ya nusukaputi, ikakatwa vipande viwili. Kimoja kiliwekwa kwenye fomalini, na huko seli kubwa zikashika rangi za CD30 na CD15, ambazo ndizo zilizothibitisha Hodgkin. Kingine kiliwekwa kwenye salaini kwa ajili ya kuotesha vijidudu, kwa sababu fomalini huviua na havioti tena.

Nikiulizwa nikipe nyota ngapi kipimo hiki, natoa nne kati ya tano. Ni cha haraka, hakiachi kovu, na TB au saratani iliyotoka kwingine mara nyingi hukamatwa hapohapo. Ninachoomba kwa anayekwenda ni aulize mambo mawili kabla hajalala kitandani: kama sindano itasuuzwa kwa ajili ya GeneXpert, na nini kitafuata ripoti ikisema granuloma huku vijidudu havikuonekana.

Jibu la kuotesha lilikuja baada ya siku 42. Hakuna kijidudu kilichoota. Siku hiyo nilikuwa nimeshatundikiwa dripu ya pili ya dawa za saratani, na tezi nyingine ndogo iliyokuwa imebaki chini ya sikio sikuipata tena kwa vidole.