Buti za Kutembelea Porini Penye Nyoka na Miiba: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayenunua buti za porini kwa kawaida huanza kwa kuuliza urefu wa shingo ya buti. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa watembea kwa miguu wengi wanaoumwa na nyoka huumwa chini ya goti, hasa kwenye wayo, kifundo na muundi. Hata hivyo, hatari hizi mbili haziingii kwa mlango mmoja: nyoka hupiga ubavu wa mguu, ilhali mwiba mbaya zaidi hupenya kutoka chini, kwenye soli. Kwa sababu hiyo nimezipanga buti katika mwongozo huu kwa kutazama mambo matatu kwa pamoja, yaani urefu wa shingo, ugumu wa kilichofunika ubavu wa mguu, na soli.

Tumchukue kifutu, ambaye ndiye wa kuhofiwa zaidi na mtembeaji, kwa kuwa hulala kimya njiani na hakimbii anaposikia hatua. Meno yake ya sumu yana urefu wa takribani sentimita 1.5, kwa hiyo kwa hesabu ya urefu peke yake yanaweza kuvuka ngozi ya buti yenye unene wa milimita 2 na kumfikia mtu. Kinachoisaidia ngozi ni ugumu wake: jino ni jembamba na limepinda, na linapogonga ngozi nzito iliyokazwa mara nyingi huteleza au hushindwa kuzama hadi mwisho. Kitambaa cha kawaida hakina ukinzani huo, kwa kuwa nyuzi zake hupishana na kuacha ncha ipite. Nafasi kati ya mguu na buti nayo ni kinga, na ndiyo maana shingo iliyobana shavu la mguu ni dhaifu kuliko iliyolegea kidogo, na suruali pana iliyoteremshwa juu ya buti huongeza usalama.

Sasa linganisha buti mbili zilizowekwa kwenye rafu moja. Ya kwanza ina shingo ya sentimita 28, lakini ngozi imewekwa puani na kisiginoni tu, na pande zote mbili ni nailoni ya tabaka moja. Ya pili ina shingo ya sentimita 20, na yote ni ngozi ya tabaka la juu yenye unene wa milimita 2.2. Kifutu akipiga ubavuni, sentimita 12 kutoka ardhini, jino lake litakutana na nailoni katika buti ya kwanza na ngozi nzito katika ya pili. Buti ndefu inaishinda fupi pale tu pigo linapotua juu ya sentimita 20, na hata hapo ni nailoni ile ile inayompokea nyoka. Mimi ningechukua ya pili bila kusita, kisha nitafute namna nyingine ya kufunika muundi.

Ili kuitambua ngozi ya kweli, tazama ukingo wake uliokatwa, ambao huonekana juu ya shingo au pembeni mwa ulimi wa buti. Ngozi ya tabaka la juu imeshikana, na ukiibonyeza kwa kidole gumba hutoa mikunjo midogo midogo. Ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa rangi nzito huonyesha manyoya laini chini ya utando unaofanana na plastiki. Chunguza ulimi pia, kwa kuwa mara nyingi hutengenezwa kwa kitambaa hata katika buti ya ngozi. Ulimi mzuri ni wa ngozi, umeshonewa pande zote hadi karibu na juu, na hauruhusu vijiti vya miiba kuingia.

Kuhusu soli, miiba ya mgunga iliyonyooka inaweza kufikia sentimita 8, na ikilala njiani ncha ikitazama juu hupenya soli ya povu kwa urahisi wa kutisha. Mwiba ukikatikia ndani hauonekani tena. Mtu hutembea vizuri kwenye mchanga, kisha anapokanyaga jiwe anahisi mchomo mahali pale pale, na kila hatua inausogeza juu zaidi mpaka uchomolewe kwa koleo. Chagua soli ya mpira mgumu, na ubonyeze kutoka ndani kwenye eneo la chini ya vidole; pakibonyea kama godoro, iache. Baadhi ya buti za kazi zina bamba la kuzuia misumari. Bamba la chuma huzuia ncha nyembamba vizuri lakini ni zito, na kwa kawaida halifiki kwenye kingo zote za wayo. La nyuzi ni jepesi na hufunika wayo wote, ila ncha nyembamba sana hupenya kati ya nyuzi kwa urahisi zaidi. Katika toleo la mwaka 2022 la kiwango cha ISO 20345, alama PS huonyesha kwamba bamba la nyuzi limejaribiwa kwa msumari wa milimita 3, na PL kwa msumari wa milimita 4.5. Kwa miiba, tafuta PS.

Nafasi ya kwanza naipa buti ya ngozi nzima yenye shingo ya sentimita 20 hivi na soli ya mpira mgumu, ikivaliwa pamoja na vikinga miguu vilivyotengenezwa mahususi dhidi ya nyoka, vinavyofungwa juu ya buti hadi chini kidogo ya goti. Kwenye majani marefu unavifunga, na kwenye uwanda wazi unavivua mguu upate hewa. Kimojawapo kikichakaa hulazimiki kununua vyote.

Ya pili ni buti ndefu ya nyoka, yenye shingo ya sentimita 40 hadi 45. Kwa jino la nyoka hii ndiyo kinga kamili zaidi, na anayeshinda kwenye majani ya kufika magotini kila siku aiweke ya kwanza. Nimeishusha kwa sababu ya joto na uzito, ambavyo humfanya mwenyewe aiache nyumbani.

Ya tatu ni gambuti. Shingo yake ndefu na iliyolegea husaidia, na kwenye matope haina mshindani, lakini mpira mwembamba huchomwa na miiba na kifundo hakipati mshiko mteremkoni.

Ya nne ni buti ya kijeshi yenye pande za turubai na vitundu vya kutolea maji. Urefu wake hudanganya macho. Viatu vyepesi vya wavu sivipi nafasi yoyote.

Hakuna buti inayomzuia koboko, ambaye huweza kujiinua na kuuma juu ya goti, wala swila anayetema sumu machoni. Zaidi ya hayo, mtu akiumwa licha ya kinga, mguu huvimba haraka, na buti lazima ivuliwe mapema kabla haijaubana. Kabla ya kulipa, ifunge hadi juu, kisha ukiwa umeketi ujaribu kuilegeza na kuivua bila kuukunja mguu wala kuuvuta kwa nguvu. Kulabu za kamba hurahisisha kazi hiyo. Zipu ya pembeni ni ya haraka zaidi, mradi nyuma yake pawe na ukanda wa ngozi, kwa maana zipu tupu ni mwanya unaotoka kifundoni hadi juu.