Picha ya sura moja mara nne: ni skrini printi kweli au posta tu?

Haya wadau, mambo vipi, leo nipo na hii picha ya sanaa ya pop, sura ya dada mmoja imerudiwa kwenye paneli nne, rangi zimejaa bapa hazina kivuli, na aliyeniuzia aliniambia imechapwa kwa mkono kwa skrini, yaani kile kitambaa kilichowambwa kwenye fremu. Sasa tusimwamini tu, tuikague.

Kwanza chukueni kioo cha kukuzia mtazame hii pinki ya nyuma. Mnaona? Imejaa yote, hakuna vidoti. Ingekuwa posta ya printa hapa mngekuta vidoti vya rangi rangi vimechanganywa vikajifanya pinki, ila kwenye skrini wino unakorogwa kwanza ukawa pinki ndo unasukumwa na raba upite kwenye kitambaa, kila rangi na skrini yake. Vidoti vipo kwenye nyeusi ya uso tu, na ni vyeusi vitupu, maana ile ni foto na skrini haijui kijivu, inajua wino upite au usipite. Halafu inamisheni picha kwenye mwanga wa pembeni, ile nyeusi imekaa juu ya rangi zingine, hadi kidole kinaisikia kidogo.

Sasa utamu wenyewe uko hapa. Chini ya jicho la kushoto kuna kitone cheusi, na kipo palepale kwenye paneli zote nne, hicho ni kitundu kwenye skrini, ina maana skrini ya uso ilikuwa moja na ikapitishwa mara nne. Lakini cheki nywele, paneli ya kwanza nyeusi ni nzito hadi vidoti vimeshikana, ya nne imefifia kama wino ulianza kukaukia kwenye kitambaa. Kosa lilelile, uzito tofauti, hapo ndo mkono wa mtu unaonekana. Mtu akikopi na kupesti kwenye kompyuta, vyote viwili vinatoka sawasawa.

Andy Warhol, yule msanii wa pop wa Marekani, alipoanza kutumia skrini mwaka 1962 aliacha nyeusi iteleze pembeni ya rangi, na mimi mtelezo huo naupenda sana, kwa hiyo lipstiki ya paneli ya pili kutoka nje kidogo hainisumbui kabisa. Paneli ya tatu ndo imenikera, kwa sababu pale nyekundu imerudi ndani ikaacha ufa mweupe mwembamba kati ya mdomo na shavu, na huo ufa unavunja uso, jicho linaenda pale kila mara. Dawa yake ilikuwa rahisi tu, ile nyekundu ingekatwa pana zaidi kama milimita moja, ikaingia chini ya mstari mweusi na nyeusi ikaufunika ukingo wote.

Kwa hiyo ni skrini kweli, hajanidanganya, naitundika, ila mbali na dirisha kwa sababu hii pinki ni ile ya kung'aa na jua linaipausha haraka kuliko zingine.