Chati ya uhusiano kabla ya posa: ununue ya Davison au kompoziti?

Siku hizi Tanga mjini, kijana akishapeleka barua ya posa, si ajabu dada zake wakachanga hela kimyakimya na kumtumia mnajimu tarehe za kuzaliwa za wawili hao kwa WhatsApp. Baada ya siku mbili inarudi picha ya duara lenye alama za sayari, juu yake pameandikwa "chati ya uhusiano", basi. Hapo ndipo mnunuzi anapolaliwa, maana chini ya jina hilo zinauzwa bidhaa mbili tofauti, na zinaweza kukupa majibu yanayopingana kuhusu watu walewale. Hesabu ya nyota kwa herufi za majina, ile ya wazee wetu, haimo humu. Hiyo ni elimu nyingine kabisa.

Kompoziti hutengenezwa kwa kuchukua sayari mojamoja. Jua lako na Jua la mwenzio, unatafuta nyuzi zilizo katikati yake. Mwezi na Mwezi vivyo hivyo, hadi sayari ziishe. Ilienea miaka ya 1970, hasa kupitia Wamarekani John Townley na Robert Hand. Katika miaka hiyohiyo Mwingereza Ronald Davison alipita njia nyingine: hakugusa sayari, aligawa muda na mahali. Unatafuta saa iliyo katikati ya kuzaliwa kwenu, na pahala palipo katikati ya mlipozaliwa, kisha unachora anga la saa hiyo kama vile kuna mtoto aliyezaliwa pale.

Tuchukue mfano. Kijana amezaliwa Bagamoyo tarehe 10 Aprili 1990, saa mbili asubuhi. Binti amezaliwa Tanga tarehe 10 Juni 1993, saa nane mchana. Jua la kijana lipo kwenye nyuzi 20 za Punda, la binti karibu nyuzi 20 za Mapacha. Katikati yake ni nyuzi 20 za Ng'ombe, na hilo ndilo Jua la kompoziti.

Sasa Davison. Kati ya kuzaliwa kwao kuna siku 1,157 na saa sita. Nusu yake ni siku 578 na saa 15. Ukihesabu kuanzia kuzaliwa kwa kijana unaangukia tarehe 9 Novemba 1991, saa tano usiku. Mahali ni nyuzi 5 na dakika 45 kusini, nyuzi 39 mashariki, yaani baharini, usawa wa Mkwaja (ndoa imezaliwa majini, shangazi zangu wangepiga vigelegele). Usiku huo Jua lilikuwa kwenye nyuzi 17 za Nge.

Ng'ombe na Nge zinatazamana, kila moja upande wake wa duara. Mnajimu mwenye kompoziti atawaambia hawa wawili habari za utulivu, shamba na chakula kizuri. Mwenye Davison atawaambia wivu, siri na mapenzi ya moto. Wote wawili wamepiga hesabu sawasawa. Sababu ni miaka mitatu iliyo kati yao: nusu yake ni mwaka mmoja na nusu, na hiyo nusu ya mwaka ndiyo inayolirusha Jua upande wa pili. Wangepishana miaka miwili au minne, chati zote mbili zingeweka Jua karibu pahala pamoja. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, hesabu miaka mliyopishana kwa kuikadiria hadi mwaka mzima ulio karibu. Ikiwa ni witiri, yaani moja, tatu, tano na kuendelea, jua kwamba uchaguzi wa chati utabadilisha hadithi nzima.

Mimi naiweka ya Davison mbele, kwa sababu ya mnunuzi tu. Ina tarehe, saa na mahali. Mkiwa na vitu hivyo mnaweza kuviingiza kwenye programu yoyote ya bure, ukiwemo mtandao wa astro.com, kama kuzaliwa kwa mtu wa kawaida, mkaona kama duara mliloletewa ni lenyewe. Hesabu ya siku mnaweza kuirudia kwa kalamu. Na mkitaka baadaye kusogeza chati mbele mwaka hadi mwaka, mnayo tarehe ya kuanzia. Kompoziti haina tarehe, kwa hiyo hilo linakuwa gumu.

Nafasi ya pili ni kompoziti, mradi muuzaji akuambie nyumba zake, yaani vile vipande kumi na viwili vya duara, amezipataje. Wapo wanaochukua katikati ya nyota zenu zinazochomoza, na wapo wanaoanzia kilele cha anga kisha wakakokotoa nyota inayochomoza kwa mji mnaokaa. Njia hizo hutoa nyumba tofauti. Kompoziti pia ina udhaifu ambao mpenzi wa anga atauona mara moja: hilo si anga lililowahi kuwepo. Angani, Utaridi haliachani na Jua zaidi ya nyuzi 28 hivi, na Zuhura haivuki 47 au 48. Kwenye kompoziti unaweza kukuta Utaridi linatazamana na Jua uso kwa uso, hasa pale majua ya wawili yanapokaribia kupingana, kwani nukta za katikati ni mbili na kila sayari huchukua ya upande wake wa karibu. Hilo lina faida yake: ukiona Utaridi liko mbali hivyo na uliahidiwa Davison, mrudishie mtu karatasi yake. Likiwa karibu, bado halithibitishi kitu.

Nafasi ya tatu ni kifurushi cha chati zote mbili. Kina maana kwa mtu anayejua kusoma, lakini kwa familia inayotafuta jibu la ndiyo au hapana, kinaishia kila mtu kuchagua ukurasa unaompendeza. Ya mwisho kabisa ni ile isiyotajwa jina la njia. Usiilipie.

Kosa linaloharibu chati nyingi za pwani ni saa. Kadi ya kliniki imeandikwa "saa 2 asubuhi", mtu anaingiza 02:00 badala ya 08:00. Hapo mmekosea saa sita kwa mmoja, na kwenye Davison saa ya katikati inasogea saa tatu. Jua halitikisiki sana, Mwezi unasogea nyuzi moja na nusu hivi, lakini nyota inayochomoza inaruka kiasi cha nyuzi 45, zaidi ya alama nzima kama Ng'ombe au Nge. Kompoziti nayo haikwepi, huruka kiasi kilekile. Kama saa ya mmoja wenu haijulikani kabisa, nunueni maelezo ya sayari tu na mkatae kulipia nyumba, chati yoyote iwayo.

Mmoja akiwa amezaliwa Maskati, saa yake iko mbele ya yetu kwa saa moja. Kwenye Davison lazima saa zote zirudishwe kwenye saa ya dunia, yaani UTC, kabla ya kugawanya, la sivyo katikati inakosewa kwa nusu saa. Muulize muuzaji swali hilo kwanza.

Na kama mzee wa nyumbani akiuliza iwapo kuna utafiti ulioonyesha kwamba chati yoyote kati ya hizi inatabiri ndoa itakayodumu, jibu ni hakuna.