Gambuti hazikuvuja, ila yule muuzaji sitamsahau

Nina ng'ombe watatu wa ndani na kihamba huku Kibosho juu. Saa kumi na moja alfajiri nipo bandani naosha sakafu, baadaye natelemka bondeni kukata majani, napanda na mzigo kichwani, na mara nyingi mguu hautoki ndani ya buti mpaka jioni. Nayasema haya ili mjue kwamba gambuti kwangu si kiatu cha kuvukia tope siku moja moja. Ni kiatu cha kazi cha kila siku.

Masika yalipoanza, zile za zamani zilikuwa zimepasuka pale zinapojikunja mbele, nikashuka Moshi mjini kununua nyingine. Duka silitaji. Kijana akaniuliza navaa namba ngapi, nikamwambia 39. Hakuwa nayo. Akaniletea 41 na kuniambia, "Mama, gambuti huvaliwa kubwa, utaweka soksi mbili." Nikasimama nazo pale kwenye sakafu tambarare, nikaona zinakaa, nikalipa shilingi 18,000.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, soksi zilikuwa zimelowa kabisa. Siku ya pili vilevile. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa na malengelenge visigino vyote viwili, na ngozi katikati ya vidole imekuwa nyeupe, imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Usiku miguu inawasha hadi nakosa usingizi. Nikasema hizi zinavuja, nimeuziwa mali mbovu. Nikazikosha, nikapanda gari, nikarudi dukani.

Yule kijana hakuziangalia hata kidogo. Alinitazama miguuni, akasema kwa sauti, na duka limejaa watu: "Mama, buti haivuji. Miguu yako ndiyo inayovuja." Watu wakacheka. Akanionyesha kibao ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wa umri wake. Nilitoka pale machozi yananilenga, na njia nzima ya kurudi Kibosho nilikuwa nawaza namna ya kumuumbua.

Basi nikaamua kuthibitisha. Nilijaza kila buti magazeti makavu, nikayabadilisha mpaka yakawa hayatoki na unyevu. Kisha nikamimina maji ndani mpaka usawa wa kifundo cha mguu, nikazisimamisha juu ya gazeti kavu kwenye saruji, nikaziacha usiku kucha. Asubuhi gazeti la chini lilikuwa kavu. Hakuna hata tone.

Iliniuma, lakini lazima niseme ukweli: kuhusu kuvuja, alikuwa sahihi. Na ningekuwa nimetazama vizuri ningejua mapema. Buti inayovuja hulowesha sehemu moja, mara nyingi ya mguu mmoja, na maji yake yana rangi ya tope au harufu ya banda. Mimi nilikuwa nalowa miguu yote miwili sawasawa, na maji masafi. Lile lilikuwa jasho.

Shemeji yangu, ambaye amefanya kazi miaka mingi shamba la maua kule Usa River, ndiye aliyenieleza kwa nini linakuwa jingi hivyo. Plastiki inayozuia maji yasiingie ndiyo hiyohiyo inayozuia mvuke wa mguu usitoke. Asubuhi za huku kwetu ukuta wa buti ni wa baridi, mvuke ukiugusa unageuka maji, kama kifuniko cha sufuria. Kwa hiyo unaweza kulowa hata kama hujatokwa na jasho la kutiririka. Na soksi zangu mbili za pamba zilizidisha tatizo, kwa sababu pamba hunywa maji na kukaa nayo pale pale kwenye ngozi. "Shemeji," akaniambia, "vaa soksi moja nene ya sufu, na nyingine iwe mfukoni."

Nilipata za sufu kwenye mitumba, Memorial. Sasa nikimaliza banda na kukata majani, saa sita mchana, navua buti, nafuta miguu katikati ya vidole, nakaa na makatambuga nusu saa, kisha navaa soksi kavu. Hilo moja limenisaidia kuliko kitu kingine chochote. Weupe wa vidole ulianza kupungua. Kuwasha kulibaki, kwa kuwa fangasi walikuwa wameshaingia, ikabidi nitumie dawa ya kupaka kutoka duka la dawa. Nikaambiwa nisiache pale kuwasha kutakapokoma, niendelee wiki kadhaa, maana huwa wanarudi.

Kuna wenzangu wananishauri ninunue zile zenye manyoya ndani kwa ajili ya baridi ya Julai. Nimeazima, nimejaribu. Saa ya kwanza ni raha tupu. Ukianza kupanda mlima na mzigo, mguu unachemka, manyoya yanalowa, na ukirudi kusimama bandani unakuwa umevaa tambara bichi. Hayakauki hata siku mbili. Baridi inayonitesa mimi inatoka chini, kwenye saruji yenye maji. Nimekata soli za ndani kutoka blanketi zito kuukuu, jozi mbili. Moja inakuwa ndani ya buti, nyingine inaanikwa. Soli inatoka na kukauka. Manyoya yaliyogundishwa hayatoki. Buti zenyewe nazijaza magazeti jioni na kuziweka penye upepo. Jikoni kando ya mafiga sithubutu, kwa sababu plastiki hujipinda kwa joto na gundi ya kitambaa cha ndani huachia.

Kwa hiyo buti ni nzuri? Nilikuwa tayari kuandika ndiyo, na kumsamehe yule kijana. Lakini visigino vyangu havikupona. Soksi kavu, soli mpya, malengelenge yaleyale. Hapo ndipo hasira iliponirudia upya, na safari hii ina haki.

Gambuti haina kamba. Kinachoushika mguu ni mgongo wa buti pale juu ya unyayo, basi. Ikiwa kubwa, kila hatua kisigino kinapanda na kushuka ndani, na ngozi iliyolowa haistahimili msuguano. Ukitelemka bondeni mguu unateleza mbele, kidole gumba kinagonga. Tena buti kubwa hujikunja mahali ambapo mguu wako haujikunji. Soksi mbili haziwezi kurekebisha namba mbili. Kuipima kunachukua dakika moja: vaa soksi utakayofanyia kazi, sukuma mguu mpaka vidole viguse mbele, kisha ingiza kidole cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kimoja, sawa. Kwangu viliingia viwili na nafasi ikabaki. Na nenda mchana, miguu ikishavimba kidogo, utembee, upande hata ngazi moja, usisimame tu kama nilivyosimama mimi.

Yule kijana alijua jasho ni nini. Alijua buti yake haivuji. Basi alijua pia kwamba 41 si 39, akaniuzia kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo, kisha akanifanya kichekesho mbele za watu.

Nimenunua namba 39 kwingine, za aina ileile kabisa, na visigino vimefunga. Zile 41 nimempa shemeji, ambaye ndiyo namba yake. Anazivaa kutwa nzima, na hajapata lengelenge hata moja.