Mizani ya kupima mafuta mwilini: tofauti iliyo chini ya pointi 1.5 siihesabu

Mizani ninayoizungumzia ni ile ya kusimama pekupeku, yenye vipande vinne vya chuma juu ya kioo, inayotuma matokeo kwenye simu. Jina la kampuni siliweki, kwa sababu mizani za aina hii hufanya kazi kwa namna moja na ninayoyaeleza yanazihusu zote. Kwa upande wa uzito nimeridhika nayo kabisa. Kwa asilimia ya mafuta nimeridhika pia, ila kwa masharti ambayo kwenye boksi hayakuandikwa.

Kwanza, haipimi mafuta. Inapitisha umeme dhaifu, kwa kawaida wa kilohezi 50, kutoka mguu mmoja kwenda mwingine, kisha inasoma mwili umeukinza umeme huo kiasi gani. Misuli ina maji mengi yenye chumvichumvi, kwa hiyo umeme hupita humo kwa urahisi. Kwenye mafuta hupita kwa shida. Kutokana na ukinzani huo, pamoja na urefu, uzito, umri na jinsia uliyojaza, mizani inakadiria maji ya mwili. Kutoka kwenye maji inakadiria sehemu ya mwili isiyo mafuta, kwa kuchukulia kwamba karibu asilimia 73 ya sehemu hiyo ni maji. Kinachobaki kwenye uzito ndicho inachokiita mafuta. Yaani mafuta ni salio la hesabu, na lolote linaloyagusa maji huishia kulibadilisha salio hilo.

Hilo unaweza kuliona mwenyewe. Jipime, kunywa nusu lita ya maji, kisha jipime tena papo hapo. Maji bado yako tumboni, na umeme unaopanda mguu mmoja na kushuka mwingine hauyagusi kwa maana yoyote. Uzito umepanda nusu kilo, ukinzani haujabadilika, basi karibu nusu kilo yote inaandikwa mafuta. Kwa mtu wa kilo 78 kama mimi, asilimia inapanda kwa takriban pointi 0.4. Ukijipima baada ya mazoezi mambo hugeuka: ngozi ina joto na jasho, damu imejaa miguuni, umeme unapita kirahisi, na mafuta yanaonekana yamepungua. Jioni nako, baada ya kusimama kutwa, majimaji yameshuka miguuni na mizani inakusifu bure.

Kwa hiyo niliweka utaratibu mmoja: asubuhi, baada ya choo, kabla ya kula na kunywa, miguu mikavu, mizani pale pale sakafuni. Lakini hata kwa utaratibu huo namba huchezacheza, na swali lenyewe ni hili: inacheza kiasi gani kabla sijakubali kwamba mwili umebadilika?

Wengi hujibu kwa kupanda mara mbili tatu mfululizo. Kwangu ilitoa 24.1, 24.1, 24.1, na mtu angesema mizani ni sahihi hadi desimali. Nikapanda nimebeba begi zito, nikashuka, nikalitua, nikapanda tena peke yangu: 24.3. Baadhi ya mizani hukumbuka kipimo kilichopita, na kipya kikikaribiana nacho hukurudishia kile cha zamani ili uione imetulia. Ujanja huo haunipendezi hata kidogo. Lakini hata mizani isiyo na kumbukumbu hiyo ingefanana na nafsi yake ndani ya dakika moja, kwa sababu mwili ni ule ule na maji ni yale yale. Kosa tunalolitafuta ni la kati ya siku na siku, kwa kuwa tunalinganisha siku na siku.

Basi nilichukua wiki ambayo sikubadilisha chakula wala mazoezi, nikaandika kipimo cha kila asubuhi: 24.1, 24.9, 23.6, 24.4, 25.1, 24.0 na 24.6. Wastani ni 24.4. Katika wiki moja mafuta halisi ya mtu anayekula kama kawaida hayapandi wala kushuka hivyo, kwa hiyo mtawanyiko huu nauchukua kuwa kosa la kipimo. Mkengeuko sanifu wake ni 0.53. Ukiweka namba zako kwenye Excel, safu B kuanzia mstari wa 2 hadi wa 8, hesabu yote ni hii:

```
=STDEV.S(B2:B8)*2.77
```

Hiyo 2.77 ina sababu yake. Unapolinganisha vipimo viwili, vyote viwili vina kosa, kile cha mwanzo na hiki cha leo, kwa hiyo kosa la tofauti ni kubwa kuliko la kimoja: unazidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41. Kisha unazidisha kwa 1.96 ili uwe na uhakika wa asilimia 95. Kwangu jibu ni 1.46, nami naliita 1.5, na hicho ndicho kizingiti changu. Maana yake ni kwamba kama mwili haujabadilika, vipimo viwili vitapishana zaidi ya pointi 1.5 takriban mara moja tu katika ishirini. Kipimo kikipungua kwa 0.9, sina habari yoyote ya kumpa mtu. Siku saba ni chache kidogo kwa kukadiria mkengeuko, na ukiweza kwenda wiki mbili jibu litatulia zaidi, ila usiunganishe na wiki uliyobadilisha mlo.

Sasa pointi 1.5 ni mafuta kiasi gani? Wepesi wa hesabu watachukua asilimia 1.5 ya kilo 78 na kusema kilo 1.2. Haitoshi, kwa sababu mafuta yakitoka uzito nao unashuka, na asilimia inagawanywa kwa uzito mpya. Nina kilo 19 za mafuta katika 78. Nikipoteza kilo 1.2 za mafuta matupu, nabaki na 17.8 katika 76.8, ambayo ni asilimia 23.2. Nimeshuka pointi 1.2 tu, na bado niko ndani ya kosa la mizani. Ili nivuke pointi 1.5 natakiwa kupoteza karibu kilo 1.5 za mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takriban kalori 7,700. Nikipunguza kalori 300 kwa siku, nitafika huko baada ya siku kama 39. Kabla ya hapo, kipimo kimoja dhidi ya kimoja hakiwezi kuniambia lolote, hata kama ninafanya kila kitu sawasawa. Hapa ndipo watu huacha mlo uliokuwa unafanya kazi, au huendelea na usiofanya kazi kwa sababu Jumanne mizani ilisema 23.6.

Dawa yake ni wastani wa wiki. Kosa la wastani wa siku saba ni kosa la siku moja gawanya kwa kipeuo cha pili cha 7, na kimahesabu kizingiti changu kinashuka hadi 0.55. Siiamini namba hiyo moja kwa moja, kwa sababu siku hazijitegemei: chumvi ya Jumamosi usiku inashikilia maji mpaka Jumatatu. Mimi natumia 0.8. Hiyo inalingana na takriban kilo 0.8 za mafuta, na kwa upungufu ule ule wa kalori 300 naweza kuiona baada ya wiki tatu hivi. Ni nusu ya muda, bila kununua kifaa kingine.

Kuna jambo moja ambalo wastani hauliponyi, nalo ndilo linalowapotosha zaidi watu wa mazoezi. Wastani hufuta makosa yanayokwenda huku na kule. Haufuti kosa linalosogea upande mmoja na kubaki huko. Ukipunguza wanga ghafla, glaikojeni, yaani akiba ya wanga kwenye misuli, inashuka, na kila gramu yake huondoka na takriban gramu tatu za maji. Mizani itakuambia umepoteza misuli. Ukianza kutumia kreatini, kirutubisho cha wanaojenga misuli, maji yanaingia ndani ya misuli, na mizani itakupongeza kwa misuli uliyoijenga ndani ya wiki moja. Mabadiliko yote mawili yanaweza kuvuka kizingiti, na ni ya kweli kama mabadiliko ya maji. Kwa hiyo ukibadilisha kitu kinachogusa maji, subiri wiki mbili, kisha anza kuhesabu upya kutoka hapo. Usilinganishe na namba za kabla yake.

Usiguse pia mipangilio. Nilipobadilisha wasifu kutoka mtu wa kawaida kwenda mwanamichezo, mafuta yalishuka pointi kadhaa nikiwa nimesimama pale pale. Mwili haukufanya kitu, ilibadilika kanuni tu. Umri nao umo kwenye hesabu, hivyo siku ya kuzaliwa inaweza kukuletea mafuta ya zawadi.

Wapo watakaosema niachane na mizani nikapime DXA, yaani mashine ya eksirei hafifu inayotenganisha mafuta, misuli na mifupa. Ni kipimo bora, lakini hesabu ni ile ile. Kanuni za ISCD, chama cha kimataifa cha wanaopima kwa DXA, zinataka kila mpimaji ajue kosa lake kwa kupima watu 15 mara tatu kila mmoja, au 30 mara mbili, wakiteremka na kupanda upya, kisha alizidishe kwa hiyo hiyo 2.77. Ukienda, muulize namba hiyo kabla ya kulipia kipimo cha pili, na urudi kwenye mashine ile ile. Usichukue DXA ya mwezi huu ukailinganisha na mizani ya mwezi uliopita: mizani yaweza kuwa juu au chini ya DXA kwa pointi kadhaa, na tofauti hiyo ni ya mashine mbili, si ya mwili wako.

Ninachoilaumu bidhaa yenyewe ni programu yake. Kila asubuhi inachora mshale wa kijani au mwekundu, hata kwa tofauti ya 0.1, na haina pa kuonyesha wastani wa wiki. Namba zake nyingine, kama umri wa mwili na mafuta ya tumboni, zinatoka kwenye ukinzani ule ule uliopita miguuni, nami sizifungui. Nimezima taarifa zake zote, nanakili namba mbili tu, uzito na asilimia. Kwa matumizi hayo naipa nyota nne kati ya tano. Kwa anayetaka kujua kama jana alikula vibaya, moja.